Titani alfa na beta si gredi wani na gredi tuu

Wiki iliyopita muuza baiskeli aliniambia fremu yake ni "titani alfa, ile yenyewe, si beta." Beta, kwa maelezo yake, ni ya majaribio, kama programu ya simu ambayo haijakamilika. Kabla yake nilishasikia mwingine akisema kinyume: beta ndiyo toleo jipya, alfa imepitwa na wakati. Wote wawili wamekosea, na kosa ni moja.

Alfa na beta ni namna mbili za kupangika kwa atomu za metali ileile. Chini ya nyuzi 882 za Sentigredi, titani tupu hujipanga kama machungwa yaliyorundikwa vizuri sokoni, kila safu ikikaa kwenye vishimo vya safu ya chini. Hiyo ni alfa. Ukipita nyuzi 882, bado ikiwa yabisi, atomu zinahama na kujipanga kwa vijichemraba, kila kimoja na atomu katikati. Hiyo ni beta. Herufi za Kigiriki zilitolewa kwa kufuata joto: mpangilio wa baridi ukapewa herufi ya kwanza, unaofuata ukapewa ya pili. Chuma nacho kina alfa, na hakuna anayedai kwamba ndicho chuma bora.

Neno jingine linalopotosha ni "kuimarisha". Elementi zinazochanganywa na titani watu huziita viimarishi, na msikilizaji anaelewa kuwa kazi yake ni kuongeza nguvu tu. Ningependa tuziite vidumishi, kwa sababu zinadumisha mpangilio mmoja mahali ambapo usingekuwepo. Alumini na oksijeni hudumisha alfa, kwa hiyo joto la kugeuka linapanda. Vanadi, molibdeni na chuma hudumisha beta, na joto hilo linashuka. Ukitia vanadi au molibdeni ya kutosha kisha ukapoza haraka, beta inabaki hata kwenye joto la chumbani. Bati na zirkoni haziegemei sana upande wowote.

Aloi ya alfa huvumilia joto na huchomelewa vizuri, lakini huwezi kuiongezea nguvu sana kwa kuitia motoni na kuipoza. Ya beta hukubali matibabu hayo na kufikia nguvu kubwa, ila ni nzito zaidi. Ti-10V-2Fe-3Al, iliyo upande wa beta, imo kwenye miguu ya kutua ya ndege ya Boeing 777. Katikati kuna alfa-beta, na maarufu kuliko zote ni Ti-6Al-4V: asilimia 6 alumini, asilimia 4 vanadi. Inageuka beta yote karibu na nyuzi 995. Ikipoa, sehemu kubwa inarudi alfa, na beta kidogo inabaki katikati ya chembe zake. Fundi huchagua aipashe hadi wapi na aipoze kwa kasi gani, na hapo ndipo anapoamua nguvu yake.

Kwamba kidumishi si lazima kiwe rafiki, ajali ya ndege ya Sioux City, Marekani, ilionyesha. Nitrojeni nayo hudumisha alfa. Ikinaswa kwenye kipande wakati wa kuyeyusha, huacha doa la alfa gumu na lenye kuvunjika kama kigae. Doa la namna hiyo lilikuwa kwenye diski ya feni ya injini ya ndege hiyo, DC-10, diski ya Ti-6Al-4V. Ufa ulianzia hapo ukakua miaka mingi, na tarehe 19 Julai 1989 diski ikapasuka angani, ikakata mifumo yote ya haidroliki. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Basi kwa nini watengenezaji wa ndege wanaendelea kununua titani, ilhali ni ghali? Bei inatokana na ulafi wake wa oksijeni: kuitenga na madini ni kazi ndefu, huyeyushwa kwenye ombwe, na kuichonga hula visu. Ila uzito wake ni karibu gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, chuma cha pua ni karibu 8, na nguvu zake zinakaribiana na za vyuma vingi vigumu. Kwenye nyuzi 300, ambapo aloi za alumini zimeshalegea, hii bado inafanya kazi. Tena ndege mpya zina nyuzi za kaboni. Alumini ikigusana na kaboni penye unyevu huliwa na kutu, titani haijali.

Nilimwomba muuzaji anionyeshe kibandiko cha fremu. Kimeandikwa 3Al-2.5V, aloi iliyotumika kwanza kwenye mabomba ya haidroliki ya ndege. Hiyo vanadi ya asilimia 2.5 imewekwa humo ili beta kidogo ibaki. Nikamwambia fremu ni nzuri, asiiondoe dukani, ila ndani ya "alfa" yake kuna beta.