P/E ya chini: hisa ni ya bei poa, au faida iko njiani kuondoka?

Ukifungua jedwali la hisa la Nairobi au Dar es Salaam, karibu na bei utakuta safu iliyoandikwa P/E. Huo ni uwiano wa bei ya hisa kwa faida. Unachukua bei ya hisa moja sokoni leo, unaigawa kwa faida ambayo kampuni ilipata kwa kila hisa katika mwaka mzima.

```
P/E = bei ya hisa moja / faida kwa hisa moja
```

Faida kwa hisa nayo ni faida baada ya kodi ikigawanywa kwa idadi ya hisa zote. Hisa ikiuzwa shilingi 40 na kampuni ikawa imepata shilingi 4 kwa kila hisa, uwiano ni 10. Maana yake unalipa shilingi 10 ili umiliki shilingi 1 ya faida ya mwaka. Faida isipobadilika, itachukua miaka 10 kufikia bei uliyolipa. Wengi hukariri hiyo miaka 10 na kusahau masharti yake, kwamba faida isibadilike.

Kutokana na hesabu hiyo, mtu akiona uwiano wa 4 huona kama amepata mteremko. Miaka minne tu fedha imerudi, kinachobaki ni cha bure. Tuitazame hisa moja iliyowahi kuonekana hivyo.

Kampuni ya Sukari ya Mumias, magharibi mwa Kenya, iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001. Mwaka wake wa hesabu uliishia Juni. Kwa mwaka ulioishia Juni 2012 ilitangaza faida baada ya kodi ya takriban shilingi bilioni 2.01, juu kidogo ya mwaka uliotangulia. Hisa zake zilikuwa bilioni 1.53, kwa hiyo faida kwa hisa ilikuwa kama shilingi 1.31. Bei sokoni miezi iliyofuata ilikuwa ikizungukia shilingi 5. Gawanya: uwiano unakuja chini kidogo ya 4. Faida inapanda, gawio linalipwa, bei iko chini. Mnunuzi anataka nini tena?

Angepanda mistari michache juu kwenye taarifa hiyo hiyo ya hesabu. Faida kabla ya kodi ilikuwa takriban bilioni 1.76, nayo ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya bilioni 2.6 mwaka uliotangulia. Kwa kawaida kodi hupunguza faida. Hapa faida ilitoka kwenye mstari wa kodi ikiwa kubwa kuliko ilivyoingia. Kampuni inapowekeza kwenye mitambo, sheria huiruhusu kukata sehemu ya gharama hiyo kwenye mapato yanayotozwa kodi, na nafuu ya namna hiyo inaweza kufanya mstari wa kodi uongeze badala ya kutoa. Si udanganyifu, ila si sukari iliyouzwa pia, na mwaka ujao huna uhakika wa kuiona tena.

Sasa turudie hesabu kwa kodi ya kawaida ya kampuni nchini Kenya, asilimia 30. Bilioni 1.76 ukitoa asilimia 30 inabaki kama bilioni 1.23. Kwa hisa bilioni 1.53, ni senti 80 hivi kwa hisa. Bei ya shilingi 5 kwa senti 80 inakupa uwiano wa zaidi ya 6. Hisa ni ile ile, siku ni ile ile, na bado hatujaongeza hofu yoyote kuhusu kesho. Tumeondoa tu kitu ambacho hakikutokana na biashara yenyewe.

Na 6 bado ni ndogo, kwa hiyo swali la pili ni hili: hiyo faida ilitegemea nini? Kiwanda cha sukari kinategemea miwa, na miwa ya ukanda ule huchukua kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili kukomaa. Faida inayotangazwa leo imetokana na miwa iliyopandwa muda mrefu nyuma. Mkulima akicheleweshewa malipo, hapigi kelele ndani ya taarifa ya hesabu. Anang'oa miwa na kupanda mahindi, au anaiuza kwa kiwanda jirani, hata kama mbolea na mbegu alikopeshwa na Mumias. Kilio cha kugombania miwa kati ya viwanda vya eneo hilo kilikuwa kikisikika hadharani. Upungufu wa aina hiyo huwezi kuuziba kwa msimu mmoja, na mitambo mikubwa ikikosa miwa ya kusaga gharama zake hazipungui kwa kiasi hicho.

Mwaka ulioishia Juni 2013 Mumias ilitangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 1.6. Mwaka uliofuata hasara iliongezeka, na mwingine ikaongezeka tena. Ukishakuwa na hasara uwiano huu hauna maana, ndiyo sababu kwenye jedwali utakuta kistari mahali pa namba. Septemba 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu, msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyoidai, na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Aliyenunua kwa hesabu ya kurudisha fedha yake kwa miaka minne hakupata hata mwaka mmoja wa faida.

Udhaifu wa uwiano huu uko hapo. Namba ya juu ni ya leo, bei inayobadilika kila dakika kwa kadiri watu wanavyosikia habari. Namba ya chini ni ya mwaka uliokwisha. Wauzaji wakianza kuamini kwamba faida itaanguka, bei hushuka kwanza na faida ya zamani inabaki imeandikwa palepale. Uwiano unakuwa mdogo kabisa wakati ule ule ambapo hatari ni kubwa. Biashara za bidhaa ambazo bei yake hupanda na kushuka, kama sukari, saruji au madini, hufanya hivi mara kwa mara, na kwa maoni yangu hisa zake zinatisha zaidi P/E inapokuwa ndogo kuliko inapokuwa kubwa.

Hata hivyo soko nalo hukosea, na si haki kuificha sehemu hiyo. Mwanzoni mwa 2024 hisa ya benki ya KCB ilikuwa ikiuzwa kwa shilingi 20 hivi. Faida yake ya 2023 ilikuja kuwa takriban bilioni 37.5 kwa hisa bilioni 3.2, yaani kama shilingi 11.70 kwa hisa. Uwiano chini ya 2! Hofu ilikuwa na sababu: faida ilikuwa imeshuka kidogo, mikopo isiyolipika ilikuwa mingi, na gawio la mwaka huo halikutolewa. Lakini faida ya 2024 ilipanda hadi zaidi ya bilioni 61, na kufikia Desemba bei ilikuwa imepita shilingi 40.

Kwa uwiano pekee, KCB ilionekana ya kutisha kuliko Mumias. Tofauti ilikuwa kwenye chanzo cha faida. Benki ilikuwa bado inakusanya riba kutoka kwa wakopaji wengi katika nchi kadhaa, na kilichoilemea kilikuwa gharama ya mikopo mibovu, ambayo inaweza kupungua. Kiwanda kilikuwa kinapoteza malighafi yenyewe.