Blasti si mlipuko, na Auer haihusiani na kuua

Wiki jana tena. Mama mmoja anatoka wodini analia, ati ameambiwa na intani kwamba ripoti ya damu ya mzee wake inasema "blasti zimeonekana" kwa hivyo ni kansa ya damu. Nikaitafuta hiyo ripoti kwa sababu slaidi ni mimi nilisoma. Nilichoandika ni erithroblasti. Yaani seli nyekundu changa ambazo bado zina kiini, nne kwa kila seli nyeupe mia, pamoja na nyutrofili changa za kila umri na seli nyekundu chache zenye umbo la tone la chozi. Mzee ana TB iliyosambaa mwilini, na mimi mawazo yangu yalikuwa kwamba imeingia mpaka kwa uboho. Hiyo si habari njema, lakini si lukemia. Intani aliona herufi sita za mwisho akakimbia nazo.

Sasa blasti ni nini. Ni seli changa kabisa ya ukoo fulani, ile ya kwanza unayoweza kuitambua kwa hadubini ukasema hii itakuja kuwa nyutrofili, ama limfosaiti, ama seli nyekundu. Basi. Ni jina la umri, si jina la ugonjwa. Saa hii kwa uboho wako wewe unayesoma hii ziko, tena lazima ziwe, ila ni chache, chini ya asilimia 5.

Shida inaanzia kwa lile neno lenyewe. Watu wengi wanasikia ile blasti ya kulipua mawe kwa kwari, so kwa kichwa yao ni seli imelipuka, ama kansa imelipuka, nimesikia hata mwalimu akieleza wanafunzi hivyo na nikanyamaza kwa sababu ya heshima. Hapana. Hili limetoka Kigiriki, blastos, maana yake chipukizi. Mche. Ndio maana kuna osteoblasti inayojenga mfupa na fibroblasti inayoshona kidonda chako ukijikata na kisu jikoni, na hakuna anayelia akizisikia hizo.

Ukishika hilo la chipukizi, kila kitu kingine kwa slaidi kinajipanga. Chukua uboho kama kitalu na damu kama shamba. Kwa kawaida mche haukanyagi shamba kabla haujakomaa. Kwa lukemia kali kinachotokea ni kwamba kuna mche mmoja umeharibika, unazaana lakini haukui, na kitalu chote kinajaa miche ya aina hiyo moja mpaka wengine wanakosa pa kukaa. Kwa hivyo ukiangalia damu usitafute tu kilichozidi, tafuta pia kilichopotea. Seli nyekundu zimepungua na hazina sura ya kukosa madini ya chuma, ukubwa wake uko sawa tu. Pleteleti unatafuta uwanja baada ya uwanja unapata moja. Nyutrofili zimeisha. Na kitu ambacho mimi naona ndio muhimu kuliko vyote, kuna pengo: unaona vichanga kabisa, unaona wazee wawili watatu waliobaki, lakini rika la katikati halipo. Mzee wa TB alikuwa na marika yote, kitalu chake kilisukumwa na mgeni, kikamwaga kila kitu nje, wadogo kwa wakubwa. Hizo ni stori mbili tofauti na slaidi inazitofautisha vizuri tu kama mtu hana haraka.

Sura ya blasti yenyewe sitakaa hapo sana. Kiini kikubwa kinachojaza karibu seli yote, kromatini laini kama unga uliochekechwa, ndani yake nukleoli moja au zaidi, ukingo mwembamba wa bluu. Ukubwa peke yake usikudanganye. Limfosaiti iliyochokozwa na virusi inaweza kuwa kubwa kuliko blasti, ila hiyo kromatini yake ina mabonge, ina saitoplazimu nyingi inayolalia seli nyekundu za jirani kama nguo iliyoloa, na ukingo wake ndio umekolea bluu. Halafu kuna ile sampuli iliyopanda bodaboda kutoka kliniki ya mbali ikalala kwa kaunta usiku kucha, asubuhi viini vimekunjamana, monosaiti zina mashimo, kila kitu kinafanana na blasti. Slaidi ipakwe ndani ya masaa manne, na kama imechelewa, omba damu mpya, usiokoe ripoti kwa kubahatisha. Na kama labu yenu mnatumia bufa moja kwa kila kitu, ile ya pH 7.2 ya kutafuta malaria itawafanya slaidi yote iwe bluu bluu, kwa rangi ya Leishman ya damu mimi natumia pH 6.8.

Haya, vijiti vya Auer, vile unavyoviona ndani ya baadhi ya blasti. Hapa ndio nacheka na kukasirika pamoja. Hilo jina linatamkwa karibu na "aua", na sisi Waswahili tukisikia aua tunajua ni nini. Nimeona daftari la mwanafunzi limeandikwa "vijiti vya kuua", na jamaa wa mgonjwa aliwahi kuniuliza kama ni kweli hivyo vijiti ndivyo vinavyomaliza watu. Auer ni jina la mtu, John Auer, Mmarekani, aliyeviandika mwaka 1906. Na kinachonifurahisha ni kwamba yeye mwenyewe alikosea mahali: alisema ameviona ndani ya limfosaiti kubwa. Leo tunajua ni kinyume kabisa, kijiti cha Auer ndicho kinachokuambia hii blasti si ya ukoo wa limfosaiti, ni ya ukoo wa mailoidi, ule unaozaa nyutrofili. Ni zile chembechembe za kwanza za seli zimeungana zikawa sindano nyekundu ama ya zambarau, iliyolala ndani ya saitoplazimu.

Ndani. Nasisitiza kwa sababu takataka ya rangi iliyoganda inaweza kukaa juu ya seli ikakupumbaza. Zungusha ile skrubu ndogo ya fokasi. Takataka inaonekana vizuri wakati seli imefifia, na ukisogea pembeni utaiona pia juu ya seli nyekundu na mahali hakuna kitu. Kijiti cha kweli kinafifia na kurudi pamoja na seli yake.

Sasa kesi. Kijana wa miaka 23, wiki mbili fizi zinatoka damu, amechoka, ametibiwa taifodi mahali fulani na kudungwa sindano ya paja, paja likavimba likawa jeusi. Himoglobini 6.4, pleteleti elfu 11, seli nyeupe 2.1, yaani elfu mbili na mia moja. Hapo kwa 2.1 ndio watu wanapotelea, kwa sababu wameshika kichwani kwamba lukemia lazima seli nyeupe ziwe laki na kitu. Mashine ilimhesabia monosaiti asilimia 58 na kando ikaweka alama, `Blasts/Abn Lympho?`, na aliyekuwa zamu akaona monosaiti zimezidi, akafikiria TB, karibu atoe ripoti hivyo. Mashine haioni kiini, inapima seli na kuiweka kwa kikapu kilicho karibu. Ile alama ya kuuliza ni ombi la wewe kuangalia.

Seli zikiwa chache namna hii usianzie katikati. Nilishusha lenzi ya 10 nikafuata kingo na ule mkia wa slaidi, kwa sababu seli kubwa huburutwa huko wakati wa kupaka. Zilikuwa zimejaa huko. Nikaweka mafuta nikapanda 100. Viini vimebanwa katikati kama figo mbili zimegusana, saitoplazimu imejaa chembechembe mpaka mpaka wa kiini haueleweki, na kila baada ya seli kadhaa unakutana na moja iliyobeba vijiti kumi au zaidi vimelazwa pamoja, ule mganda wa kuni anaobeba mama mgongoni akitoka msituni. Nikahesabu seli mia: 61 za namna hiyo, limfosaiti 30, nyutrofili 7, monosaiti mbili. Rika la katikati hakuna. Pleteleti karibu hakuna.

Kwa ukali wa jina hizo si blasti, ni promailosaiti zisizo za kawaida, wamepita umri wa blasti hatua moja, lakini kwa ugonjwa huu, lukemia kali ya promailosaiti, zinahesabiwa pamoja na blasti, na mpaka wa kawaida wa kusema lukemia kali ni asilimia 20. Mganda wa kuni ukiuona huandiki ripoti ukaacha kwa trei. Unapiga simu. Hizo chembechembe zinavuruga kuganda kwa damu, kijana anaweza kutokwa na damu kichwani usiku huohuo, na kuna dawa yake ya tretinoini ambayo madaktari huanza kwa kushuku tu, kabla ya kipimo cha kromosomu 15 na 17 kurudi. Niliongeza kwa simu kwamba asidungwe tena kwa msuli, na kipimo cha kuganda damu kitumwe sasa hivi. Kilirudi kikionyesha damu inachelewa sana kuganda, na fibrinojeni, ile protini ya kugandisha, iko chini.

Lakini kesi kama hii ndiyo inaharibu watu, kwa sababu wakishaona vijiti vizuri mara moja wanaanza kuvidai. "Hakuna Auer, basi ni ya limfosaiti." Hapana. Lukemia nyingi za mailoidi hazina kijiti hata kimoja kwa slaidi. Kikiwepo kinasema kitu kikubwa, kisipokuwepo hakisemi chochote, na hapo unaandika "blasti, ukoo haujatambulika kwa slaidi" na kazi inaenda kwa flo saitometri, kile kipimo kinachotambua ukoo kwa alama za seli. Hiyo sentensi si ya aibu. Nimeona mtu akikisia ukoo ili ripoti ionekane ya kisomi, halafu uboho ukamkana.

Intani nilikaa naye baadaye kwa chai, ni kijana mzuri, hana kiburi. Nikamwonyesha ile slaidi ya mzee, erithroblasti zake zenye kiini kidogo cha mviringo kilichokaza kama mbegu ya papai, hakuna mtu anaweza kuziita blasti za lukemia akiziona. Nikamwambia ukikuta hilo neno kwa ripoti soma kinachotangulia, na kama limesimama peke yake nipigie uniulize ni za ukoo gani na ngapi kwa mia, kabla hujaongea na familia. Akauliza kama anaweza kurudi kwa yule mama. Tulienda pamoja.