Betri imevimba, ina moto na inanuka: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: "Imejaa chaji tu, ikipoa itarudi."

Hairudi. Betri ya risasi na asidi ikishajaa, umeme unaozidi huyapasua maji yaliyomo kuwa hidrojeni na oksijeni, na joto hupanda. Plastiki hulainika, gesi huisukuma, ubavu unatuna. Hata ikipoa, ndani imeshaharibika. Usiichaji tena.

Dhana: "Chaja ni nzima, kwa hiyo haiwezi kuzidisha chaji."

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu chaja inaweza kuwa nzima kabisa. Chukua betri kavu ya sola ya volti 12. Ina seli sita, na chaja hupandisha hadi volti 14.4, yaani 2.4 kwa kila seli. Seli moja ikipiga shoti, mabamba yake ya risasi yakagusana, zinabaki tano zinazofanya kazi. Chaja haijui hilo. Inaendelea kutafuta 14.4 ileile, na kila seli nzima sasa inabebeshwa karibu 2.9. Zinachemka. Umeme haupungui kama unavyopaswa kupungua betri inapojaa, hivyo chaja haioni sababu ya kupunguza kasi, na betri inapikwa usiku kucha.

Dalili yake iko wazi. Betri nzima iliyotoka kwenye chaji ikapumzishwa saa kadhaa husoma karibu 12.7 kwenye mita. Yenye seli iliyopiga shoti husoma karibu 10.5, ingawa imechajiwa muda mrefu. Lakini usiikimbilie na mita ikiwa bado ya moto.

Dhana: "Harufu imeisha, hatari imekwisha."

Harufu kali ya yai viza ni ya hidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu, na moja ya hila zake ni kuifanya pua iache kuisikia. Hidrojeni yenyewe haina harufu kabisa, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua.

Kwa hiyo zima chaja kwenye soketi ya ukutani kwanza, ukiweza kuifikia bila kukaa kwenye harufu. Ukianza kwa kung'oa vibano kwenye betri, cheche itaruka palepale penye gesi. Kama ni sola, kata umeme unaotoka kwenye paneli. Fungua milango na madirisha, toa watu nje, na sigara au jiko lisikaribie. Iache ipoe saa nyingi.

Dhana: "Itoboe, upepo utoke."

Tafadhali usifanye hivyo. Kinachotoka ni asidi ya moto pamoja na gesi, na misumari hutoa cheche. Ikishapoa, vaa miwani na glavu za mpira, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, uibebe ikiwa wima. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, halafu nenda hospitali. Iliyomwagika sakafuni nyunyizia magadi ya kuokea mpaka povu liishe. Betri yenyewe mpe muuzaji au mnunuzi wa betri chakavu anayezipeleka kiwandani zikiwa na asidi yake, si yule anayeimwaga mtaroni.