Aya iliyojaa taarifa lakini haina hoja: uipe ngapi, na uandike nini pambizoni?

Swali la mtihani wa darasani ni hili: «Kwa nini Bagamoyo ilipoteza umuhimu wake wa kibiashara baada ya mwaka 1891?» Majibu ya wanafunzi wengi yanafanana na aya ifuatayo, ambayo nimeitunga kwa kufuata mtindo wao. Nimeziwekea sentensi namba, na nashauri ufanye hivyo kwenye daftari lenyewe, kwa kalamu ya risasi, kabla ya kusahihisha.

(1) Bagamoyo ni mji wa pwani. (2) Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. (3) Wamisionari walifika mwaka 1868. (4) Mwili wa Livingstone ulipitishwa Bagamoyo mwaka 1874. (5) Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao makuu yao. (6) Maji ya Bagamoyo yana kina kifupi, kwa hiyo meli kubwa hazikuweza kukaribia ufukwe. (7) Mwaka 1891 makao makuu yalihamishiwa Dar es Salaam. (8) Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam. (9) Reli ilifika Kigoma mwaka 1914.

Hakuna kosa la ukweli hata moja, na hapo ndipo mkono wa msahihishaji unapoteleza. Kila sentensi ni ya kweli, kila moja inapata tiki, tiki zinafika tisa, na mtoto anaondoka na 9 kati ya 10. Lakini swali liliuliza kwa nini, na katika aya nzima hakuna mahali alipojibu. Msomaji ndiye anayeziunganisha sentensi kichwani mwake, kwa sababu msomaji tayari anajua habari yote. Mwalimu wa historia ndiye msomaji wa hatari kuliko wote kwa aya ya namna hii, maana yeye huziba mapengo bila kujua kwamba anaziba.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa maksi, mimi hubadilisha mpangilio wa sentensi. Chukua ya 3 uiweke mwisho, uipeleke ya 8 mwanzoni, kisha usome tena. Kama hakuna kilichovunjika, hiyo ni orodha. Aya yenye hoja haikubali mchezo huo, kwa sababu sentensi yake ya tatu inaegemea ya pili na ukiihamisha inaning'inia. Katika mfano wetu ukizichanganya zote tisa, kinachopotea ni mfuatano wa miaka tu. Baada ya hapo tafuta sentensi ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuipinga. Nani atapinga kwamba reli ilifika Kigoma 1914? Hakuna. Sentensi isiyopingika ni taarifa, na hoja huanza pale mtu anaposema jambo ambalo mwenzake anaweza kumwuliza, «Umejuaje?»

Maksi zenyewe huzigawa hivi, kwa aya ya maksi 10: taarifa sahihi zinazohusu swali ni 4, hoja iliyo wazi ni 2, na kuunganisha taarifa na hoja ni 4. Sehemu ya taarifa ina kikomo, na kikomo hicho ndicho kinachobadilisha kila kitu. Mwanafunzi akileta taarifa sita au kumi na mbili, bado ni 4. Asipoona kikomo atajifunza kwamba njia ya kupanda maksi ni kuongeza, naye ataongeza.

Aya yetu basi inapata ngapi? Sentensi ya 2, 5, 6, 7, 8 na 9 zinahusu swali, kwa hiyo zinajaza zile 4. Ya 1, 3 na 4 ni kweli ila hazisaidii kueleza kushuka kwa biashara, na hazipati kitu. Hoja ni 0. Kwenye kuunganisha natoa 1, kwa ajili ya sentensi ya 6, kwani ndani yake kuna sababu na matokeo: kina kifupi, kwa hiyo meli kubwa hazikukaribia. Jumla ni 5. Kuna walimu wataona 5 ni ukali kwa mtoto aliyekumbuka miaka mitano bila kukosea. Naelewa, lakini kukumbuka kumeshalipwa maksi 4. Wengine watataka kumpa 2 kwa sababu hakujibu swali, na hao nao nawapinga: aliyeleta vifaa vyote vya ujenzi hayuko sawa na aliyekuja mikono mitupu.

Sasa maoni, kazi ambayo wengi wetu huimaliza kwa maneno mawili: «Fafanua zaidi.» Mwanafunzi huyu akisoma hivyo atakuongezea kwamba boma la Wajerumani lilijengwa mwaka 1897. Umemwambia afafanue, naye kwa ufahamu wake kufafanua ni kuleta taarifa nyingine. «Hoja haionekani» nayo haimsaidii, kwa sababu kama angejua hoja inaonekanaje angeiandika. Na ukimwandikia wewe hoja pambizoni, ataikopi ilivyo, halafu aya inayofuata itakuwa orodha kama hii.

Maoni yanayofanya kazi yana mambo matatu: yanaonyesha sentensi moja yenye nguvu na kusema nguvu yake iko wapi, yanauliza swali moja linaloweza kujibiwa kwa vitu vilivyomo ndani ya aya yake mwenyewe, na yanasema jibu liandikwe wapi. Kwa aya yetu ningeandika hivi:

«Sentensi ya 6 ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu inatoa sababu na matokeo. Sentensi ya 6 na ya 7 zina uhusiano gani? Andika jibu lako kwa sentensi moja, uliweke mwanzo wa aya. Kisha futa sentensi zote zisizosaidia jibu hilo.»

Tazama swali lilivyoulizwa. Ningeweza kuandika, «Je, Wajerumani walihama kwa sababu ya bandari?» Lakini hilo linajibiwa kwa «ndiyo», na anayefikiri ni mimi. «Zina uhusiano gani» linamlazimu yeye atafute neno la kuziunganisha. Sentensi ya mwisho pia ina uzito wake. Kufuta kunamuuma mwanafunzi, hasa kufuta kitu cha kweli, na habari ya Livingstone kwa mtoto wa Bagamoyo ni fahari ya mji. Lakini ni katika kuchagua kipi kibaki ndipo anapogundua kwamba hoja ndiyo inayochagua.

Kwa darasa la wanafunzi sitini huwezi kuandika mistari minne kwenye kila daftari. Wafundishe alama fupi mapema: «6→7?» maana yake eleza uhusiano, na mstari chini ya namba ya sentensi maana yake hii inasaidia nini? Toa maoni mamoja tu kwa aya; tahajia na alama za uandishi zisubiri. Na maksi usiziandike kwenye daftari siku hiyo, ziweke kwenye orodha yako. Mwanafunzi akiona 5, anaifananisha na ya jirani na kufunga daftari. Rudisha daftari zikiwa na maoni pekee, wape dakika 10 za mwanzo wa kipindi waandike upya, halafu utoe maksi.

Kwa maoni yale, aya inaweza kurudi hivi:

Bagamoyo ilipoteza biashara yake hasa kwa sababu ufukwe wake haukuzifaa meli kubwa. Majahazi yaliweza kukaa juu ya mchanga maji yakipwa, lakini meli za mvuke zilitia nanga mbali na mizigo ikafuatwa kwa mashua. Ndiyo maana mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilianzia huko huko, na ilipofika bara, mizigo ya Tabora haikuwa tena na sababu ya kubebwa na wapagazi hadi Bagamoyo.

Taarifa zimepungua, maksi zimepanda: hii naipa 9. Zingatia pia kwamba jambo jipya, la majahazi kukaa mchangani, halikutoka kitabuni. Mwanafunzi wa Bagamoyo analiona kila siku akishuka soko la samaki maji yakiwa yamekupwa, ila hakulihitaji mpaka alipokuwa na jambo la kuthibitisha. Na miaka sasa inafanya kazi. Kwa kuwa makao makuu yalihama 1891 na reli ikaanza 1905, reli haiwezi kuwa sababu ya kuhama. Ilikuja kukamilisha kilichokwisha kuanza. Mwanafunzi anayesema reli ndiyo iliyowahamisha Wajerumani amepanga sababu baada ya matokeo, na hilo ni kosa la kukata maksi kwenye kuunganisha hata kama miaka yote ameiandika sawasawa.

Ile maksi 1 iliyobaki ni kwa sababu «ndiyo maana» inabeba mzigo mkubwa peke yake. Maoni ya mara ya pili yangekuwa: «Mtu akikuambia mapigano ya wakati wa Abushiri, 1888 na 1889, ndiyo yaliyouharibu mji, utamjibu nini?» Swali hili usilipeleke kwenye aya ya kwanza. Aliye bado kwenye orodha ataliongeza liwe sentensi ya kumi.

Kuna kasoro moja huzaliwa na maoni haya haya. Mwanafunzi akishajua kwamba unatafuta uhusiano, atapaka viunganishi: «Wamisionari walifika 1868. Kwa hiyo mwili wa Livingstone ulipita 1874. Hivyo basi Wajerumani wakaja.» Ukihesabu viunganishi tu, utampa maksi. Njia ya kubaini ni kuuliza: kama sentensi ya kwanza isingetokea, ya pili ingetokea? Wajerumani wangekuja hata kama Livingstone angezikwa kulekule alikofia. Basi «hivyo» ile ni pambo, na ninaizungushia duara bila kuipa kitu. Sentensi ya 6 inapita kipimo hicho: kina kingekuwa kirefu, meli zingekaribia.

Tena, angalia swali lako mwenyewe kabla ya kumlaumu mwanafunzi. Kama uliandika «Taja» au «Orodhesha», aya yetu ya kwanza ni jibu halali na inastahili maksi zote. «Eleza historia ya Bagamoyo» nalo linaomba orodha, hata kama moyoni ulitaka hoja. Ukikuta zaidi ya nusu ya darasa wameleta orodha, soma kwanza kitenzi cha swali. Mara nyingi kubadili «Eleza kuhusu» kuwa «Kwa nini», au «Kipi kilichangia zaidi, bandari au reli?», kunapunguza orodha kabla hujashika kalamu nyekundu.