Neno «hadi» lililobaki chini: jinsi nilivyoipima picha ya tangazo lililosambaa

Kazi yangu ni kuchunguza picha zinazosambazwa mitandaoni, na katika kazi hiyo hakuna picha ninazoletewa kwa wingi kama picha za skrini za matangazo. Leo nitaeleza uchunguzi wa picha moja tu, hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake zimo karibu dalili zote ninazozitegemea, na pia kwa sababu tangazo lenyewe lingeweza kuwakosesha watu nafasi waliyoihangaikia. Picha hiyo ilionyesha chapisho la taasisi moja ya umma katika mtandao wa X, la mwezi Januari 2024, na ilizunguka katika makundi ya WhatsApp ikisema kwamba muda wa kutuma maombi umesogezwa mbele kwa wiki mbili. Mistari yake mitatu ya kwanza ilisomeka hivi, ikiwa imekatika mahali hapa hapa:

```
Waombaji wanatangaziwa kuwa muda
wa kutuma maombi umeongezwa
hadi tarehe 29 Januari 2024.
```

Kabla ya kupima chochote huwa naomba nakala iliyopitia mikono michache zaidi. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha na kuibana upya inapotumwa kwa njia ya kawaida, na kila mara picha inapobanwa, kingo za herufi hupata ukungu na vidoa vya rangi ambavyo havikuwapo mwanzo. Anayeikuza picha iliyokwisha kutumwa mara nyingi ataviona vidoa hivyo kuzunguka maneno na kudhani amegundua kiraka. Nakala niliyoipata ilikuwa na pikseli 720 kwa upana na 1600 kwa urefu, nayo ilikuwa bado safi kiasi cha kuhesabu pikseli moja moja. Niliifungua katika programu ya GIMP, nikaikuza hadi asilimia 800, kisha nikaanza na jambo ambalo halihitaji vipimo vyovyote, yaani umri wa skrini yenyewe.

Chini ya chapisho, baada ya saa na tarehe, palikuwa na maneno `Twitter for Android`. Maneno hayo, yaliyokuwa yakimwonyesha msomaji kifaa kilichotumika kuandika, yaliondolewa na mtandao huo Desemba 2022, na takriban wakati huo huo ndipo idadi ya waliotazama, `Views`, ilipoanza kuonekana. Chini zaidi palikuwa na neno `Retweets`, ambalo liligeuzwa kuwa `Reposts` baada ya mtandao kubadilishwa jina na kuitwa X mwezi Julai 2023. Herufi za maneno yote mawili zilikuwa za Roboto, fonti ya kawaida ya simu za Android, ilhali tangu Agosti 2021 mtandao huo umekuwa ukitumia fonti yake wenyewe iitwayo Chirp. Kwa hiyo nilikuwa mbele ya skrini iliyopigwa picha kabla ya Agosti 2021, ikionyesha chapisho la mwaka 2024.

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa kuwa hoja hii ya umri wengi huitumia kinyume. Mwaka 2017 nchini Pakistani, hati iliyoandikwa tarehe ya Februari 2006 na kuwasilishwa katika uchunguzi wa mali za familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif ilitiliwa shaka kwa sababu ilichapwa kwa fonti ya Calibri, ambayo ilianza kuuzwa kwa umma mwaka 2007. Katika hati ya karatasi hoja hiyo ina nguvu, maana herufi na karatasi huzaliwa siku moja. Picha ya skrini haiko hivyo. Chapisho la mwaka 2015 likifunguliwa leo na kupigwa picha leo, litaonekana kwa Chirp na kwa vitufe vya leo, kwa sababu programu huvisha machapisho yote, mapya kwa ya zamani, vazi la siku yanapotazamwa. Sura mpya juu ya tarehe ya zamani, kwa hiyo, haithibitishi lolote, na nimewahi kuona watu wakiitwa waongo bila haki kwa kutolijua hilo. Kinachotia shaka ni sura ya zamani juu ya tarehe mpya, na hata hapo ni lazima ujiulize kama mpiga picha alikuwa na programu ya zamani ambayo hajaisasisha. Tofauti ya zaidi ya miaka miwili, yenye mabadiliko matatu yaliyofuatana, haikuniachia nafasi kubwa ya kumpa udhuru huo.

Baada ya hapo niliyageukia maneno ya tangazo, na hapa ndipo penye kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Programu ya simu haikati mstari ovyo. Hujaza maneno kutoka kushoto, na neno linalofuata likikosa nafasi ndipo hushushwa mstari wa chini. Mghushi hafanyi hivyo, kwani yeye hufuta sehemu ya maneno na kuandika mengine mahali palipobaki wazi, bila kuugusa mstari wa juu wala wa chini. Kiswahili humfichua upesi, kwa sababu tunayo maneno mengi mafupi kama «wa», «ya», «na» na «hadi», na neno fupi likikaa mwanzoni mwa mstari huku mstari wa juu yake una nafasi ya kulitosha, ni lazima pawe na sababu.

Tazama tena mistari ile mitatu. Baada ya «umeongezwa» palibaki takriban pikseli 140 hadi ukomo wa upande wa kulia. Neno «hadi» pamoja na nafasi inayolitangulia lilihitaji kama 85. Msomaji anaweza kulihakiki hilo bila rula, kwani ukilipandisha «hadi» mstari wa pili, mstari huo hautauzidi wa kwanza kwa urefu. Programu ingelipandisha. Ni kweli kwamba mwandishi anaweza kukata mstari mwenyewe kwa kubonyeza kitufe cha kushuka, lakini ni nadra mtu kufanya hivyo katikati ya sentensi, baina ya kitenzi na tarehe yake.

Kwa kuwa mstari wa tatu ndio uliokuwa na shaka, niliupimia kimo. Nilichora mstari mwembamba chini ya miguu ya herufi katika kila mstari wa maneno, nikiziacha herufi zenye mikia kama «g» na «j», kisha nikahesabu umbali kutoka mmoja hadi mwingine. Kutoka wa kwanza hadi wa pili palikuwa na pikseli 52. Kutoka wa pili hadi wa tatu palikuwa na 55, na kutoka wa tatu hadi wa nne 49. Iliyobaki chini yote ilikuwa 52. Angalia kwamba 55 na 49 zikijumlishwa ni 104, ambayo ni 52 mara mbili. Maana yake ni kwamba mstari wa nne ulikuwa mahali pake halali, na wa tatu peke yake ulikuwa umeteleza chini kwa pikseli tatu. Pikseli moja ya tofauti nisingeijali, kwa kuwa kubanwa kwa picha na kukadiria kwa jicho kunaweza kuileta.

Mwisho niliangalia umbo la herufi. Katika «kutuma» ya mstari wa pili, kichwa cha herufi «t» kilikatwa bapa, kama ilivyo katika Roboto. Katika «tarehe» ya mstari wa tatu kilikatwa kwa mshazari, jambo linalojulikana sana katika Arial, fonti ambayo karibu kila kompyuta inayo. Mtu akisoma kwa haraka hataiona tofauti hiyo. Akiziweka «t» mbili sambamba na kuzikuza, hataweza kuacha kuiona.

Nasisitiza kwamba ushahidi haukuwa kule kuwapo kwa Arial. Miaka kadhaa iliyopita niliitangaza picha ya mazungumzo ya WhatsApp kuwa ya kughushi kwa sababu herufi zake zilikuwa ngeni kabisa machoni pangu, nami nilikosea, na mwenye picha akaumia kwa kosa langu. Simu yake ilikuwa imebadilishwa fonti katika mipangilio, kama simu nyingi za Android zinavyoruhusu. Laiti ningeitazama saa iliyoko juu kabisa ya skrini, karibu na alama ya betri, ningeona imeandikwa kwa herufi zile zile. Tangu siku hiyo sitafuti herufi ngeni, bali natafuta herufi zisizopatana na jirani zake. Ugeni ukienea skrini nzima, chanzo chake ni simu. Ukikaa katika mstari mmoja tu, hapo pana mkono wa mtu.

Dalili hizi zilinielekeza pa kutafuta asili. Kama skrini ni ya kabla ya Agosti 2021, basi mghushi alichukua tangazo la zamani la taasisi ile ile. Nilirudi nyuma katika ukurasa wake hadi Januari 2021, nikalikuta chapisho linaloanza kwa maneno yale yale, ila mstari wa pili ulisema «hautaongezwa» na wa tatu ukaendelea «baada ya tarehe 15 Januari 2021». Hapo mkato wa mistari ukapata maelezo yake, maana «hautaongezwa» ni refu kuliko «umeongezwa», na «baada» ni refu kuliko «hadi», hivyo katika asili neno la kwanza la mstari wa tatu lilikosa nafasi kweli. Dakika za chapisho zililingana na za picha. Saa ilipishana kwa moja. Hilo la saa halikunishtua, kwa kuwa mtandao huonyesha saa ya mahali alipo mtazamaji, na chapisho linaloonekana saa 1:42 usiku Dar es Salaam litaonekana saa 2:42 kwa aliyeko Maskati na saa 12:42 kwa aliyeko Bujumbura.

Vipimo hivi vyote, hata hivyo, vinamnasa tu mtu aliyepaka maneno juu ya picha. Yupo mwingine anayefungua chapisho halisi katika kivinjari cha kompyuta, akabonyeza `Inspect`, akayabadilisha maneno ndani ya ukurasa wenyewe, kisha ndipo akapiga picha. Hapo kivinjari humpangia mistari upya, kwa fonti halali, kwa nafasi sahihi hadi pikseli ya mwisho, na neno «hadi» litapanda lenyewe mahali pake. Picha ya namna hiyo ikiletwa kwangu, sioni kosa lolote katika herufi, nami siandiki kwamba ni ya kweli. Naandika kwamba herufi hazikuonyesha kasoro, kwamba chapisho lenyewe nimelitafuta katika akaunti ya taasisi na katika nakala zilizohifadhiwa kwenye Wayback Machine, na nilichokikuta huko.

Kuhusu picha hii niliandika kwamba ni skrini ya mwaka 2021 iliyobadilishwa maneno na tarehe, nikaambatisha chapisho la asili kando yake, na mistari mitatu ile ikiwa imekuzwa ili kila mpokeaji aweze kulipandisha «hadi» kwa macho yake mwenyewe.