"Homa imetokea mdomoni" na dhana nyingine kuhusu malengelenge ya mdomo

"Daktari, hii ni homa tu imetokea mdomoni." Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, na siku hizi huijibu kabla mgonjwa hajaimaliza. Wanaoisema huamini kwamba homa ilijaa mwilini, ikatafuta pa kutokea, na sasa yale malengelenge ya mdomo ni dalili njema kwamba inaondoka.

Homa haina njia ya kutokea mdomoni. Kinachotoka pale ni virusi vya hepesi aina ya 1, na mara nyingi mwenye navyo alivipata utotoni kwa busu au mate ya mtu mzima, bila hata kuugua kiasi cha kukumbukwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu theluthi mbili ya watu wenye umri chini ya miaka 50 wanavyo. Vikishaingia, hupanda na neva ya hisia za uso hadi kwenye fundo lake lililo ndani ya fuvu, vikatulia humo maisha yote. Hakuna dawa tuliyonayo inayoviondoa humo.

Homa ni kichocheo tu, sawa na jua kali, hedhi, uchovu, msongo wa mawazo au hata mdomo uliochubuka kwa daktari wa meno. Kichocheo kikija, virusi huamka na kushuka kwa neva ileile, ndiyo maana lengelenge hurudi karibu palepale kila mara. Kwa hiyo anayesema "kila nikiugua mafua kinatoka" ameona sawasawa. Tatizo ni maelezo yake, kwa sababu mtu anayedhani ni homa inayotoka hajihesabu kuwa anaambukiza, na hapo ndipo ninapokosa uvumilivu.

Chukua kichanga cha siku 9. Mgeni anakuja kumwona akiwa na kidonda kidogo pembeni mwa mdomo, anambeba na kumbusu shavuni. Siku tano baadaye mtoto ananyonya kivivu, analala kupita kawaida, mwili una joto, au umepoa kuliko kawaida. Wazazi wanatafuta malengelenge kwenye ngozi, hawayaoni, wanatulia. Wasitulie: watoto wengi wenye hepesi iliyofika kwenye ubongo au ini huletwa bila lengelenge hata moja. Kinga ya kichanga bado haijui kuvizuia virusi hivi, na degedege likianza tumeshachelewa. Mtoto wa umri huo anayegoma kunyonya au mwenye homa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba alibusiwa na mtu mwenye kidonda. Taarifa hiyo moja hutufanya tuanze asaiklovia ya mshipa bila kusubiri majibu ya vipimo. Ikithibitika kwamba ugonjwa umeingia ndani, dawa hiyo huendelea kwa siku 21. Asaiklovia ya kupaka haina kazi hapo.

Wiki sita za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Mwenye kidonda asimbusu mtoto kabisa mpaka kigaga kianguke chenyewe na ngozi mpya ifunge. "Kimeshakauka" haitoshi. Mimi huenda mbali zaidi na kusema kichanga kisibusiwe usoni wala mikononi na mgeni yeyote, kwa kuwa virusi huweza kutoka kwenye mate hata pasipo kidonda, na mikono ya mtoto huishia mdomoni mwake. Najua wakwe hawapendi kuambiwa hivyo. Lawama nibebeshwe mimi.

Wapo pia wanaomkataza mama mwenye kidonda cha mdomo kunyonyesha. Wanakosea. Anyonyeshe, ila anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, afunike kidonda kwa barakoa, asikiguse halafu akashika chuchu. Lengelenge likiwa kwenye titi lenyewe, asinyonyeshe upande huo hadi lipone, na maziwa yanayokamuliwa upande huo yamwagwe ikiwa yamegusana na kidonda.

Antibayotiki haifanyi kitu hapa, hivi ni virusi. Kutumbua malengelenge hakuharakishi kupona, kunasambaza majimaji yenye virusi vidoleni, na kidole kikigusa jicho utakuja kwangu na shida kubwa zaidi.

Krimu ya asaiklovia nayo hulaumiwa bure. Wengi huanza kupaka kigaga kikishatokea, kisha husema haifanyi kazi. Wakati wake ni pale mdomo unapoanza kuchonyota na kuwasha, kabla hujaona chochote kwenye kioo: mara 5 kwa siku, kwa siku 5. Hata hivyo itakupunguzia takriban siku moja tu kati ya zile 7 hadi 10 za kawaida. Kama jua ndilo linalokuamshia, utapata nafuu zaidi kwa kupaka midomo mafuta ya kuzuia jua kila unapotoka.