Kupanda asilimia 20, kushuka asilimia 20

"Kiasi kikipanda asilimia 20 kisha kikashuka asilimia 20, si kimerudi palepale?"

Hakirudi; kinaishia chini kidogo. Asilimia haisimami peke yake, siku zote ni sehemu ya kiasi fulani, na hapa kiasi hicho kimebadilika katikati. Chukua 1,000. Asilimia 20 yake ni 200, kwa hiyo unafika 1,200. Sasa ukipunguza asilimia 20, unakata kwenye 1,200, si kwenye 1,000 ya mwanzo, na sehemu hiyo ni 240. Zinabaki 960. Hata ukianza kwa kupunguza, 1,000 inakuwa 800, kisha inaongezeka 160 tu, na unaishia 960 ileile. Ni rahisi kuteleza hapa, maana mara zote mbili tunatamka namba moja.

Pengo hukua haraka: kwa asilimia 10 unapoteza 1 katika kila 100, kwa asilimia 50 unapoteza 25. Ukitaka kuhakiki, shika kikokotoo, zidisha kiasi chako kwa 1.2, kisha kwa 0.8. Kutoka 1,200 kurudi 1,000 kunahitaji punguzo la takriban asilimia 16.7, yaani 200 gawanya kwa 1,200.